Kurekodi Upya au Kuokoa Kaseti: Maandiko Mawili ya Ruzuku kwa Ajili ya Nyimbo za Vave

Vave ni nyimbo za wakulima Wabajuni wa pwani ya Lamu, ambazo kwa desturi huimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuchoma vichaka vilivyokatwa ili kuandaa konde. Kiongozi hutangulia, kundi humpokea, na wimbo mmoja huleta mwingine hadi usiku uende. Mapokeo haya yamedhoofika kwa sababu inayojulikana: wakati wa vita vya shifta, kati ya 1963 na 1967, vijiji vingi vya bara vilihamwa na watu wakakimbilia visiwani, na hali ya usalama iliyozorota tena tangu 2014 imewafanya wengi wasirudi kwenye makonde ya zamani. Konde lisipofyekwa hakuna usiku wa vave, na kijana hana pa kujifunzia.

Anayetaka kuomba ruzuku ya kuhifadhi nyimbo hizi hukuta njia mbili. Anaweza kuandika andiko la kwenda kurekodi wazee wanaoziimba hadi sasa, au andiko la kukusanya kaseti zilizorekodiwa majumbani tangu miaka ya 1970 na kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijiti. Wengi huandika mambo yote mawili katika andiko moja, na hapo ndipo wanapokosea, maana kila njia ina mfadhili wake, kalenda yake na bajeti inayoelekea upande tofauti. Hapa chini ninazilinganisha kwa mfano wa mradi wa miezi kumi na miwili wenye gharama isiyofika dola 12,000. Fedha nitakazozitaja ni makadirio yangu ya kupangia tu, wala si bei za duka lolote.

Lengo linaloweza kupimwa

Andiko la kurekodi hupotea haraka likisema kwamba lengo lake ni "kuhifadhi utamaduni wa Wabajuni". Msomaji wa mfadhili hawezi kupima jambo hilo. Lengo linalosimama ni hili: kurekodi sauti na picha za saa kumi na mbili za vave pamoja na maelezo ya waimbaji, kunukuu na kufasiri saa sita kati ya hizo, na kukabidhi vyote kwa hifadhi iliyotajwa jina. Tofauti kati ya kumi na mbili na sita ni ya makusudi, nami nitaieleza kwenye bajeti.

Lengo la andiko la kaseti ni la aina nyingine. Linasema kwamba kaseti 120 zitahamishwa zote, kila moja itakuwa na maelezo ya nani anaimba, wapi na lini kwa kadiri wazee wanavyoweza kutambua, na wenyewe watarudishiwa kaseti zao. Hapa hakuna ahadi ya kunukuu maneno yote. Anayeiweka ahadi hiyo ataivunja, kwa sababu kaseti 120 za dakika 90 ni saa 180 za sauti, na saa moja ya wimbo wa zamani wenye msamiati wa kilimo uliokwisha kusahauliwa huchukua saa arobaini za kazi kunukuliwa vizuri na kufasiriwa.

Tofauti hii ya malengo ndiyo inayomchagua mfadhili. Mpango wa ELDP, ulioanzishwa 2002 katika chuo cha SOAS mjini London na sasa ukiwa katika Chuo cha Sayansi cha Berlin-Brandenburg, hufadhili uwekaji wa kumbukumbu za lugha zilizo hatarini, na makusanyo yake huwekwa katika hifadhi ya ELAR. Kwa hiyo andiko la vave linaloelekezwa huko lazima lihusu lugha ya Kibajuni inayosikika ndani ya nyimbo, lionyeshe unukuzi na tafsiri, na lieleze ni kwa kiasi gani watoto wa visiwani hawaisemi tena kama babu zao. Andiko linalozungumzia midundo na ngoma peke yake litarudishwa hata likiwa limeandikwa kwa ustadi.

Mpango wa MEAP wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Kalifornia mjini Los Angeles hufanya kazi iliyo kinyume cha hiyo. Hufadhili uhamishaji wa kumbukumbu za karne ya 20 na 21 ambazo tayari zipo na ziko hatarini kuharibika, wala haulipii kurekodi jambo jipya. Kaseti za familia za Faza au Kizingitini zinauingia vizuri. Safari ya kwenda kumrekodi mzee haimo kabisa.

Njia ya tatu ni msaada wa kimataifa chini ya mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Kenya iliuridhia 2007. Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji ulinzi wa haraka. Hata hivyo maombi ya huko hupelekwa na serikali yenyewe, na hutakiwa kuonyesha hatua za kuufanya urithi uendelee kuishi, si kurekodi pekee. Kikundi kidogo chenye mzee mmoja aliye mgonjwa kisiisubiri njia hiyo.

Kazi yenyewe usiku na mchana

Mbinu ya kurekodi vave hutegemea msimu kuliko kifaa. Vichaka huchomwa baada ya kukauka na kabla ya mvua za masika, kwa hiyo usiku wa vave wa kweli hutokea katika dirisha jembamba la miezi ya kiangazi. Fedha zikiingia Aprili, nafasi ya mwaka huo imekwisha, na mradi wa miezi kumi na miwili utalazimika kuweka tukio lake kuu kwenye miezi ya mwisho, pasipo muda wa kunukuu. Andiko makini hutaja mwezi wa kuanza unaotakiwa na kueleza sababu yake. Jambo hili dogo humwonyesha msomaji kwamba mwandishi anaijua kazi anayoiombea fedha.

Je, kama hakuna tena anayechoma konde kijijini? Hapo andiko liseme wazi kwamba wazee wataombwa kuimba nje ya tukio lake, na maelezo ya kila rekodi yabainishe hivyo. Mradi usifyeke wala kuchoma kichaka kwa ajili ya kamera. Rekodi ya kuombwa ina kasoro inayotambulika: waimbaji hukatiza wimbo baada ya beti chache wakidhani mfano umetosha, na mfuatano wa nyimbo za usiku mzima hupotea. Dawa yake ni kuwakutanisha waimbaji kadhaa badala ya kumrekodi mmoja mmoja sebuleni, kwa sababu wapokezi ndio wanaomkumbusha kiongozi kinachofuata.

Kuhusu sauti, usiku wa nje una maadui watatu: upepo wa kaskazi, wadudu, na moto unaopasuka karibu na maikrofoni. Mpangilio unaofaa ni maikrofoni ndogo ya nguoni kwa kiongozi, na jozi ya maikrofoni zenye kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo, zikiwekwa mita mbili hadi tatu kutoka kwa wapokezi, upande ambao moshi hauendi. Kiwango cha sauti kiwekwe ili vilele vifikie karibu desibeli 12 chini ya kikomo, kwa maana kundi likipokea kwa pamoja huruka ghafla, na sauti iliyopasuka haitengenezeki baadaye. Faili ziwe za WAV, kilohezi 48 na biti 24, ambazo huchukua takriban gigabaiti moja kwa saa ya stirio. Video ndiyo inayojaza diski: kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja hufika gigabaiti 22 na nusu, yaani saa kumi na mbili ni gigabaiti 270. Andiko ambalo limehesabu hivyo hununua diski za ukubwa unaotosha.

Kazi ya kaseti hufanywa mchana, ndani ya chumba kikavu, nayo ina hatari nyingine. Hewa ya chumvi na unyevu wa visiwani huotesha ukungu, ambao huonekana kama vumbi jeupe kwenye kingo za utepe unapotazamwa kupitia kidirisha cha kaseti. Kaseti yenye dalili hiyo isiwekwe kwenye deki, kwa sababu itachafua kichwa cha kusomea na kuambukiza zinazofuata. Kaseti isiyo na ukungu lakini inayolia kwa kukwaruza, au yenye kipande cha sponji kilichong'oka mbele, huhitaji kuhamishiwa kwenye ganda jipya kabla ya kuchezwa. Kabla ya yote, vile vishikizo viwili vya mgongoni vivunjwe ili mtu asirekodi juu ya sauti ya marehemu kwa bahati mbaya.

Kosa linaloharibu miradi mingi ya kaseti hutokea kimya kimya. Kila kinasa sauti cha nyumbani kilikuwa na mwelekeo wake wa kichwa, na deki isiporekebishwa kulingana na kaseti husika, sauti hutoka ikiwa nzito kama inayosikika nyuma ya ukuta. Fundi asiyejua hudhani kaseti ndiyo mbovu. Anayejua huzungusha skrubu ya kichwa polepole akisikiliza sauti za juu, hasa herufi s na sh za mwimbaji, mpaka zitoke kali kabisa, kisha ndipo huanza kuhamisha. Lingine ni kasi: redio iliyorekodi ikiwa na betri dhaifu iliuzungusha utepe polepole, hivyo leo ukichezwa kwa kasi sahihi mzee huimba kama kijana. Faili ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyotoka, na nakala iliyosahihishwa kasi iwekwe pembeni. Kwa kuwa kaseti haitachezwa tena mara nyingi, ni busara kuhamisha kwa kilohezi 96 na biti 24, takriban gigabaiti mbili kwa saa, na saa 180 zitahitaji kama gigabaiti 370 kwa kila nakala.

Idhini: jambo linalozigawa njia hizi kuliko vifaa

Kwa mzee aliye hai, idhini ni mazungumzo. Anaelezwa sauti yake itakwenda wapi, anakubali au anakataa, na anaweza kubadili nia kesho. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni inatambua pia haki ya jamii, kwa hiyo andiko lionyeshe kikao cha kijiji pamoja na saini ya mtu mmoja mmoja, na kibali cha utafiti cha NACOSTI kiombwe mapema.

Kaseti huleta maswali yasiyo na mtu wa kuyajibu. Aliyeimba amefariki, aliyerekodi yuko Mombasa, na kaseti imo mikononi mwa mjukuu aliyeikuta kwenye sanduku. Mjukuu anaweza kutoa ruhusa ya kuazima kaseti, lakini si lazima awe na ruhusa ya kutangaza sauti iliyomo. Zaidi ya hapo, kaseti za nyumbani hazina mpaka: upande wa kwanza ni vave, upande wa pili ni nyimbo za harusi zilizoimbwa na wanawake peke yao chumbani, ambazo hawakukusudia zisikilizwe na wanaume, achilia mbali dunia nzima. Mradi wa aina hii unahitaji mwanamke wa kusikiliza kaseti hizo, naye awe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hapa wafadhili wanatofautiana kwa namna inayopasa kumwamulia mwandishi. MEAP inatarajia makusanyo yawe wazi kwa umma mtandaoni. ELAR ina ngazi za ruhusa, kuanzia faili zilizo wazi, kisha zile za waliojisajili, hadi zile ambazo mtu huziomba na mwenye mkusanyo huamua. Ikiwa sehemu kubwa ya kaseti ulizoziona ni za wanawake, andiko la kuziweka wazi halifai, hata kama fedha zake ni nyingi zaidi.

Fedha zinakokwenda

Jedwali hili ni la dola, kwa mfano niliotaja.

| Kifungu | Kurekodi | Kaseti |
|---|---|---|
| Vifaa | 2,600 | 3,300 |
| Vipuri na matengenezo ya deki | – | 500 |
| Safari, boti na malazi | 2,400 | 1,000 |
| Malipo ya waimbaji na chakula cha usiku | 1,800 | – |
| Fundi wa kuhamisha | – | 3,150 |
| Unukuzi na tafsiri | 3,600 | – |
| Utambuzi wa kaseti pamoja na wazee | – | 2,400 |
| Vibali na vikao vya idhini | 600 | 600 |
| Nakala za jamii | 700 | 700 |
| Jumla | 11,700 | 11,650 |

Jumla zinakaribiana, ila ukitazama ndani utaona miradi miwili tofauti. Katika kurekodi, kifungu kikubwa ni unukuzi, na hesabu yake ni hii: saa sita za sauti, kila moja ikichukua saa arobaini, ni saa 240. Kwa kufanya kazi saa sita kwa siku ni siku arobaini, na kila siku wanakaa wawili, mnukuzi kwa dola 50 na mzee anayefafanua kwa dola 40. Hiyo ndiyo sababu ya kuahidi saa sita badala ya kumi na mbili. Saa zote zingegharimu dola 7,200 na kufuta safari. Wanaoandika kifungu hiki kwa dola mia tano huishia na rekodi nzuri ambazo hakuna anayejua zinasema nini, na kwa ELDP huko ni kushindwa. Kazi yenyewe hufanywa katika programu ya ELAN, ambayo ni ya bure, kwa hiyo isitokee mtu akaweka gharama ya programu.

Katika kaseti, saa 180 za sauti hazihamishwi kwa saa 180. Kukagua, kusafisha, kurekebisha kichwa, kusikiliza na kuandika majina hufanya kila saa ya sauti iwe saa tatu za kazi, yaani saa 540, au siku tisini kwa dola 35. Deki ziwe mbili, na kifungu cha vipuri kisikatwe hata mfadhili akiomba kupunguza, kwa sababu mkanda wa mpira wa deki ya zamani hukatika bila taarifa na mradi mzima husimama ukisubiri kipande cha bei ndogo kutoka mbali.

Nimeweka chakula cha usiku kwa makusudi. Watu hawaimbi hadi alfajiri kwa njaa, na mwandishi anayekificha kifungu hiki chini ya "mengineyo" hujiletea maswali wakati wa ukaguzi. Kiandikwe jinsi kilivyo: wali, samaki, kahawa, idadi ya watu, idadi ya usiku. ELDP haigharamii ada za uendeshaji za taasisi, kwa hiyo chuo kinachotaka asilimia yake kiambiwe mapema, kabla ya andiko kuwa na saini yake.

Lipi litangulie

Uamuzi wangu ni kwamba, kwa vave, kurekodi kutangulie ikiwa yupo angalau kiongozi mmoja anayeweza kuufikisha mfuatano wa nyimbo hadi mwisho bila kukumbushwa kila ubeti. Kaseti iliyowekwa mahali pakavu, vishikizo vikiwa vimevunjwa, inaweza kungoja miaka michache. Kiongozi mwenye umri wa miaka themanini hana ahadi hiyo. Tena kaseti bila yeye ni nusu bubu, kwani ndiye anayeweza kusema sauti ile ni ya nani na msitu unaotajwa uko wapi.

Jinsi ya kumjua kiongozi huyo ni rahisi: aombwe kuanza, na waliopo wapokee. Akiimba nyimbo nne au tano kisha akarudia ya kwanza, huenda anayakumbuka mashairi lakini mfuatano umempotea. Ikiwa viongozi wote wa kijiji wako hivyo, geuza uamuzi: kaseti ndizo zenye wimbo kamili sasa, na wazee watumike kama watambuzi. Geuza vilevile ikiwa ukaguzi wa kaseti ishirini za mwanzo umeonyesha ukungu katika nyingi kati yake, maana hapo hoja ya kungoja imeanguka.

Andiko la kurekodi linaweza kubeba kaseti chache ndani yake bila kuvurugika, kama kumi hivi, zilizochaguliwa kwa sababu zina sauti za waliomfundisha kiongozi wa sasa. Zikichezwa mbele yake huamsha nyimbo ambazo asingezitaja akiulizwa tu, na majibu yake yakirekodiwa huwa sehemu ya data ya lugha anayoitaka mfadhili. Zaidi ya hapo ni mradi mwingine, wenye fundi wake na ombi lake la pili.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, kazi ya kwanza kabla ya kufungua fomu ni kupata barua mbili za hifadhi. Moja itoke kwenye hifadhi ya kimataifa ya mfadhili, na nyingine kwa taasisi ya hapa, iwe jumba la makumbusho la Lamu au RISSEA ya Mombasa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikisema itapokea nakala, itaziweka katika vyombo gani, na nani ataruhusiwa kuzisikiliza. Nakala ya tatu, ya MP3 kwenye memori kadi zinazoingia kwenye simu, ni ya vijiji vyenyewe, na ndiyo iliyo katika kifungu cha dola 700.